Karatasi Mbili za Mita Moja

Nilirudi kutoka kusini na suti mbili, baiskeli mpya iliyofungwa ndani ya kreti, na diploma. Suti zilichakaa, baiskeli nikamwachia shemeji yangu, lakini diploma bado iko ukutani sebuleni kwangu, na mgeni asiyeiulizia mimi humwonyesha. Sioni haya kusema hivyo. Nilitoka milima ya Rungwe nikiwa na darasa la sita na shati moja, nikaandikishwa kwenda migodini huko kusini, nikawekwa stoo ya mafuta kwa sababu nilijua kusoma. Kutoka stoo ile nilijilipia masomo kwa njia ya posta, somo baada ya somo, kwa miaka minne. Mishenari hakunisaidia wala mjomba hakunichangia. Mtihani nilifanya katika chumba chenye Wazungu kumi na mmoja, na wawili kati yao walifeli.

Kwa hiyo nilipoajiriwa kwenye depo ya mafuta ya Mbeya, katikati ya miaka ya hamsini, nilijiona mtu wa pekee, na kusema kweli nilikuwa. Katika Nyanda za Juu zote sikumjua Mwafrika mwingine aliyekabidhiwa kazi ya kuhakiki mita. Mita ni kile chombo kinachokaa kwenye bomba kati ya tangi na lori, kinachohesabu galoni zinazopita. Watu huiamini kwa sababu ina namba na kioo. Kazi yangu ilikuwa kuiuliza kama inasema kweli.

Chombo cha kuiulizia kilikuwa tangi la chuma la galoni mia moja, lenye tumbo pana na shingo ndefu nyembamba. Wapagazi wa Mbeya walikiita kibuyu, na jina likamshinda hata Mzungu aliyekileta. Shingoni kilikuwa na kioo cha kusimama wima na kando yake bamba la shaba lenye mistari. Mstari wa katikati uliandikwa mia, na juu na chini yake vilifuata vipande vidogo vya galoni. Shingo ilifanywa nyembamba kwa makusudi. Kikombe kimoja cha petroli ndani ya tumbo pana hakionekani, lakini ndani ya shingo hupanda kiasi cha jicho kusoma.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza. Unapitisha petroli kwenye mita hadi iingie shingoni mwa kibuyu, unafunga, unasoma vyote viwili. Kilichoingia kwenye kibuyu unakigawanya kwa kile ambacho mita imedai. Jibu ndilo fakta ya mita. Likiwa moja kamili, mita ni mkweli. Likizidi moja, mita imetoa petroli nyingi kuliko inavyokiri. Likipungua, imetoa kidogo na kudai kingi. Ugumu hauko kwenye kugawanya. Uko kwenye mambo madogo yanayotangulia, na mimi mambo hayo madogo niliyajua kama Baba Yetu. Ndivyo nilivyodhani.

Siku moja meneja wa Mbeya akaniita. Depo ndogo ya Iringa ilikuwa inapoteza petroli. Kila galoni elfu zilizotoka, fimbo ya kupimia tangi ilionyesha kwamba tisa au kumi zaidi zimeondoka kuliko mita ilivyoandika. Jambo hilo lilikuwa limeendelea karibu mwaka mzima. Mtu wa mita pale alikuwa mzee mmoja wa Kihehe, mkazi wa Kihesa, mzee wa kanisa la Kilutheri, aliyetoa mafuta tangu enzi za kupima kwa madebe. Enzi hizo hakukosekana kitu. Mita ilipofungwa, upungufu ukaanza. Wakubwa wakafikiri hivi: mita haina mikono wala mifuko, basi mwenye mikono ni mzee.

"Nenda na kibuyu," meneja akaniambia. "Mita ikiwa mbovu, tutaitengeneza. Mita ikiwa nzima, yule mzee atakwenda polisi."

Tulisafiri siku mbili na lori, kibuyu kimelazwa kwenye magunia ya pumba. Iringa nilikuta baridi ya asubuhi niliyoizoea Mbeya, upepo mkali juu ya kilima, na meneja kijana wa Kizungu aliyekuwa na haraka. Mzee alikuwa amesimamishwa kazi, ila ameamriwa kufika kila asubuhi. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti la jeshi lililofungwa vifungo vyote.

"Kamwene," nikamwamkia kwa lugha yake, nikijionyesha kidogo.

"Kamwene, mwanangu. Ndiyo wewe fundi wa kuniangalia?"

"Naangalia mita, baba. Sikuangalii wewe."

"Mimi na mita sasa ni kitu kimoja," akasema. "Mmoja wetu akipona, mwingine amekufa."

Ijumaa asubuhi nilifanya kazi yangu, na niliifanya vizuri. Nilikisimamisha kibuyu kwenye sakafu ya zege, nikaweka pima maji pande mbili na kuingiza vibao chini ya miguu hadi tone la hewa likakaa katikati, kwa sababu kibuyu kikiinama kioo husoma uongo. Nikafunga waya wa kupeleka umeme ardhini, cheche isije ikawasha petroli. Kisha nikakijaza petroli na kuimwaga yote bila kuandika kitu.

Wapagazi wakacheka. "Fundi wa diploma anaosha chungu!"

Nikawaeleza. Kibuyu kilipimwa kilikotoka kikiwa kimelowa. Kikiwa kikavu, petroli kidogo hubaki imeshika ukutani, na ukipima hivyo hesabu inaanza na deni. Kwa hiyo unakilowesha kwanza, unamwaga, unangoja mkondo ukatike uwe matone, halafu unahesabu dakika mbili kamili kwa saa kabla ya kufunga koki ya chini. Kila mara dakika mbili, isizidi na isipungue. Mzee alikuwa ameketi juu ya pipa tupu, akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya mgeni na kuyakuta hayana kasoro.

Nilirudisha mita kwenye sifuri, nikaagiza pampu iwashwe, nikafungua valvu yote. Petroli ilikwenda kwa kishindo. Kibuyu kilijaa kabla ya dakika mbili kwisha. Nilipunguza mwishoni kabisa, ikapanda shingoni, nikafunga. Mita: mia moja kamili. Kioo: mia moja na sehemu nne za mia. Joto kwenye mita, digrii sitini na nne za Farenhaiti. Joto kwenye kibuyu, hizo hizo. Chuma cha kibuyu kilipimwa kwenye digrii sitini, nacho hutanuka kidogo, sehemu mbili katika laki kwa kila digrii, kwa hiyo nikaongeza tone dogo la hesabu. Nikagawanya: 1.0005. Nikarudia mara mbili. Nikapata 1.0004, na tena 1.0005.

Majibu matatu yanayokaribiana hivyo ni raha ambayo wengi hawatawahi kuijua. Mita ilikuwa nzima. Kosa lake halikufika hata galoni moja katika elfu.

Nikaandika karatasi, nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika diploma yangu kwa kirefu.

Jumamosi, wakati wa kuita majina, meneja aliwapanga wafanyakazi wote mbele ya jukwaa la kujazia na kunitaka niisome karatasi kwa Kiswahili, kila mtu asikie. Niliisoma kwa sauti iliyofika barabarani. Mita haina kosa. Fakta ni moja nukta sifuri sifuri sifuri tano. Nilipomaliza hakuna aliyemtazama mzee. Meneja akasema barua ya polisi itapelekwa Jumatatu asubuhi, akapanda gari lake na kwenda shambani kwa rafiki zake hadi Jumapili usiku.

Mzee alinijia nikikunja zile karatasi.

"Umepima vizuri," akasema. "Nimekuangalia. Hukuruka kitu."

"Nasikitika, baba."

"Usisikitike. Ila mimi petroli ya mtu sijala. Sasa wewe hukukosea, na mimi sikuiba. Nenda nayo hiyo Mbeya, ukaifikirie."

Nilikasirika, nisiwafiche. Nilijiambia kila mwizi husema hivyo. Nikaamuru kibuyu kipakiwe.

Kilikuwa bado sakafuni, kinangoja watu wa kukinyanyua, lori la shamba moja la chai la upande wa Igowole lilipoingia na mapipa kumi na mawili. Dereva alikuwa Mngoni mnene mwenye sauti, mtani wa kila Mhehe mjini. Mahali pa mzee palikuwa na karani wa stoo, mtu mwenye haraka aliyetaka kuwahi nyumbani. Karani alifungua valvu yote. Petroli ikaingia pipani kwa povu, ikatema juu, ikalowesha jukwaa. Mita ilipofika arobaini na nne alifunga, akahamia pipa jingine.

Dereva alingoja povu litulie. Kisha akachomoa nyuma ya kiti chake kipande cha mwanzi uliochongwa alama, akakizamisha kwenye pipa la kwanza, la pili, la tatu.

"Ah-ah! Karani, leo mmenipunja."

"Nikupunje na nini? Mita hiyo hapo. Arobaini na nne."

"Sijui mita mimi. Najua mwanzi wangu. Stoo kipa wa shamba ananipima kwa mwanzi huu kila safari, na petroli ya mzee inafika hapa kwenye alama. Yako inaishia chini. Pipa zote tatu! Mtani wangu yuko wapi?"

"Mtani wako mwizi. Hukusikia?"

"Mwizi?" Dereva akaangua kicheko. "Mhehe huyu? Mwizi gani anayezidisha? Mwizi akikuibia pipa linapungua, bwana! Hili la kwenu leo ndilo la mwizi."

Watu walicheka, na mimi nikaanza kucheka nao. Kisha neno lile, anayezidisha, likanirudia.

Nilikwenda nikauchukua ule mwanzi mkononi mwake bila kuomba. Nikauzamisha mwenyewe. Kati ya alama na mahali palipolowa palikuwa na nafasi ya karibu nusu ya upana wa kidole. Ilikuwa ndogo, lakini pipa ni pana, na nusu ya kidole ndani ya pipa ni kama nusu galoni. Mita ileile, pipa la aina ileile, arobaini na nne ileile. Kilichobadilika ni mkono tu.

"Baba," nikamwita mzee, aliyekuwa ameshafika langoni. "Wewe ukijaza pipa, valvu unafungua kiasi gani?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza anavyofunga vifungo vya koti lake.

"Kidogo. Mpaka isikike kama unakamua ng'ombe."

"Kwa nini?"

"Si umeona povu hilo? Niliwahi kuona mtu amelowa hivyo, akawasha kiko. Tangu hapo petroli yangu inashuka polepole. Mapipa yote. Malori makubwa yenye tangi ndiyo nafungua yote, nayo hapa huja mara moja moja."

Jambo hilo nilikuwa nimelisoma. Ndilo linaloniuma hadi leo. Somo la kumi na saba, nadhani, lilisema mita ihakikiwe kwa mwendo ule inaofanyia kazi. Nilipigia mstari maneno hayo kwa penseli nyekundu. Lakini huko migodini tulijaza matangi makubwa tu, valvu wazi hadi mwisho, kwa hiyo kichwani mwangu mwendo wa kazi na valvu wazi vilikuwa neno moja. Nilikuja Iringa na mwendo wa migodini mfukoni, nikampimia nao mzee wa Kihesa.

Ndani ya mita ya namna ile kuna mapanga yanayozunguka ndani ya chumba cha duara, yakibeba petroli kama vikombe kwenye gurudumu. Kila vikombe kadhaa, namba moja. Kati ya panga na ukuta lazima pawe na nafasi, nyembamba kama unywele, la sivyo yasingezunguka. Petroli ikija kwa nguvu, kinachopenya pale ni kidogo mno mbele ya kile kinachobebwa. Lakini ikija taratibu, chini ya mwendo ambao mita ilitengenezewa, mapanga huzunguka kivivu, na kile kinachopenya kimyakimya bila kuhesabiwa kinakuwa sehemu ya kuonekana. Petroli ni nyepesi, hupenya kuliko mafuta ya taa. Mita ile ilinunuliwa kwa ajili ya malori, ikafungwa mahali pa mapipa.

"Kishusheni kibuyu," nikawaambia watu waliokwisha kukishika. "Kirudi palepale."

Karani alikataa. Meneja hayupo, Jumamosi imekwisha, karatasi imesomwa. Nikamwambia kibuyu kiko chini ya sahihi yangu, na kama anataka kuandika kwa meneja kwamba alimzuia mtu wa diploma kukitumia, kalamu ninayo, nitamwazima. Akaniachia funguo na kwenda nyumbani. Diploma ina kazi nyingi.

Tulibaki watatu: mimi, mzee, na yule dereva, aliyesema haondoki bila mapipa yake kufika alama. Nilipima usawa upya. Nikalowesha upya, nikamwaga, nikangoja dakika mbili. Kisha nikamwambia mzee, "Fungua mwenyewe. Kama siku zote."

Aliinamisha sikio karibu na bomba, akazungusha gurudumu la valvu robo, akarudisha kidogo, akasimama. Petroli ikaanza kushuka kwa sauti ya maziwa kwenye ndoo. Nilitazama saa: galoni nane kwa dakika. Ijumaa zilikuwa zinapita sitini.

Dakika kumi na mbili ni ndefu. Dereva aliimba kidogo, akachoka. Mzee hakuutoa mkono wake kwenye valvu. Mita ilikuwa inakaribia tisini na tisa, na mimi nilikuwa nimeweka jicho kwenye kioo, nikijua kwamba kama mita ni mkweli kwa mwendo huu pia, kioo kitakuwa bado kikavu na huyu mtu Jumatatu ataingia rumande.

Petroli ilitokea chini ya kioo ikapanda.

"Funga!"

Kioo kilisoma mia moja na sehemu mbili za mia. Mita ilisema tisini na nane nukta themanini. Zaidi ya galoni nzima ilikuwa imepita mbele ya mita bila kuandikwa.

Dereva alipiga kofi. "Nilisema! Mtani, umeokoka, utachinja mbuzi!"

"Nyamaza kwanza," mzee akasema. "Hajaandika."

Alikuwa sawa, maana haraka ndiyo iliyonifikisha pale. Jua lilikuwa limepanda na kibuyu kilikuwa kimekaa muda mrefu kikijaa. Nikasoma joto: kwenye mita sitini na nane, kwenye kibuyu sabini. Petroli ikipata joto hutanuka, karibu sehemu saba katika elfu kumi kwa kila digrii, kwa hiyo sehemu ya kile nilichokiona shingoni haikuwa petroli zaidi bali joto. Ningegawanya hivihivi ningepata 1.0123, namba nzuri zaidi kwa mzee, na ya uongo. Nikaongeza kutanuka kwa chuma, nikapunguza kutanuka kwa petroli kwa zile digrii mbili, nikabaki na tisini na tisa nukta tisini. Nikagawanya kwa tisini na nane nukta themanini.

1.0111.

Nikamwonyesha mzee hesabu zote mbili, ile kubwa na ile ya kweli, na kwa nini nimeichukua ndogo.

"Hiyo ndogo inatosha?" akauliza.

"Inatosha. Galoni kumi na moja katika kila elfu. Changanya na malori machache unayoyajaza haraka, unapata tisa, kumi. Ndizo zilezile."

"Basi andika ndogo."

Tulirudia mara mbili zaidi, kila mara kumwaga, kila mara dakika mbili. Zikaja 1.0110 na 1.0110. Tulipomaliza jua lilikuwa upande wa pili wa kilima. Dereva alijaziwa mapipa yake na mzee kwa mkono uleule wa polepole, na mwanzi ukafika alama, na hakuna aliyemzuia.

Jumapili nilikwenda kanisani Kihesa. Mzee alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali pa wageni. Kikapu cha sadaka kilibebwa na mtu mwingine, aliyekishika vibaya kama mtu asiyezoea. Kila aliyepita karibu na benchi lile alikuwa ameisikia sauti yangu ya Jumamosi, au amesimuliwa. Niliimba tenzi zote bila kujua ninaimba nini. Nimejivunia vitu vingi maishani, na nitaendelea, lakini siku ile nilijua namba inaweza kuwa sahihi hadi sehemu ya nne baada ya nukta na bado ikamtupa mtu nje ya nyumba yake.

Jumatatu nilimsubiri meneja mlangoni kabla hajavua kofia. Barua ya polisi ilikuwa mezani, imefungwa tayari. Nikaweka karatasi ya pili juu yake.

Aliisoma mara mbili. "Karatasi mbili, mita moja, sahihi moja. Ipi ya uongo?"

"Hakuna, Bwana. Mita ina fakta yake kwa kila mwendo. Ya kwanza niliipima kwa mwendo ambao hapa hautumiki. Kosa ni langu, si la mita, na si la mzee."

"Unajua nitamwandikia meneja wako hivyo?"

"Nimekwisha kumwandikia mwenyewe."

Hakunipenda, lakini alikuwa mtu wa hesabu, na zile galoni zilikuwa zimejulikana zilikokwenda: zilikuwa zimo ndani ya mapipa ya mashamba yote kuanzia Iringa hadi Igowole. Aliichana barua. Akasema ataagiza mita ndogo kwa ajili ya mapipa, na hadi ifike, kila kinachojazwa taratibu kihesabiwe kwa fakta ya 1.011. Mzee arudi kazini.

Nilitoka kumwambia. Nilitegemea shukrani, niseme wazi. Nilikuwa hata nimepanga jinsi ya kuzipokea kwa unyenyekevu.

"Vizuri," mzee akasema. "Sasa isome."

"Karatasi? Nimekwisha kumpa meneja."

"Ile ya kwanza uliisomea wapi?"

Nilielewa. Nilijaribu kumwambia kwamba meneja atatangaza, kwamba watu watajua tu wakimwona kwenye valvu. Alitikisa kichwa.

"Mwanangu, watu hawakusikia kwa meneja. Walisikia kwako, palepale, saa ileile, na sauti ileile. Mimi nyumbani nina mke na wajukuu. Ile ya kwanza imefika huko kabla yangu. Na hii nayo ifike."

Majina yalipokwisha kuitwa, nilisimama mbele ya jukwaa. Karani alikuwepo, wapagazi walikuwepo, wakinitazama mtu wa suti na viatu vya kusini. Nikasoma. Nilianza kwa sauti ndogo, na mzee akiwa mstari wa mbele akasema, bila ukali, "Kama Jumamosi." Nikapandisha. Nikasoma kwamba kwa mwendo wa mapipa mita hii inaficha galoni kumi na moja katika elfu. Nikasoma kwamba upungufu wa mwaka mzima umetokana na mita hiyo, na hakuna aliyechukua kitu. Hapo karatasi ilikuwa imekwisha, lakini mzee alikuwa bado ananitazama, kwa hiyo nikasema yasiyoandikwa: kwamba Ijumaa nilimpima mtu kwa mwendo usio wake, na niliyekosea ni mimi.

Mpagazi mmoja nyuma akauliza, "Hata diploma hukosea?"

"Diploma haikukosea," nikajibu. "Mwenye nayo ndiye aliyekosea."

Walicheka, na safari hii nilistahimili.

Mzee aligeuka akawaelekea. Alikitafsiri kwa Kihehe kile nilichosema, chote, taratibu, pamoja na namba, kwa ajili ya wale wawili watatu ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu. Sikuelewa maneno mengi. Alipofika mwisho alinigeukia, akanyoosha kidole kwenye karatasi yangu.

"Namba, rudia. Nataka niitaje sawasawa."

"Moja nukta sifuri moja moja sifuri."

Aliirudia kwa midomo bila sauti, kama mtu anayekariri mstari wa Zaburi, kisha akaisema kwa nguvu mbele ya wote. Akafungua kifungo cha juu cha koti lake, akapanda jukwaani, na lori la kwanza likarudi nyuma kumfuata.